Beta ya dhahabu ya Nyamongo: mstari mmoja, namba mbili, na mitego yake

Ukisimama Nyamongo, wilayani Tarime, unaona mashimo ya mgodi wa North Mara: Nyabirama, Gokona, Nyabigena. Kusini kuna Mto Mara, na ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti. Kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho ni kwamba kwa karibu miaka kumi, mgodi huu ulikuwa na bei inayotangazwa kila siku ya soko. Kampuni iliyoumiliki, African Barrick Gold, iliingia Soko la Hisa la London Machi 2010, na Desemba 2011 ikaorodheshwa pia Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE. Mwaka 2014 ilibadilisha jina ikawa Acacia Mining. Ilikuwa na migodi mitatu Tanzania: Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara.

Sasa tuseme una hisa za kampuni kama hiyo. Swali la kwanza si "itapanda au itashuka?" Hilo hakuna anayelijua. Swali linaloweza kujibiwa kwa data ni hili: soko zima likitikisika, hisa yangu hutikisika nalo kiasi gani? Jibu lake ndilo linaloitwa beta, na hupatikana kwa kuchora mstari mmoja katikati ya nukta. Mstari huo unakupa namba mbili, mwinamo na kikato. Kuzikokotoa ni kazi ya dakika tano. Kuzisoma bila kudanganyika ndiyo kazi yenyewe, na dhahabu ya Tarime ni mwalimu mzuri kwa hilo.

Kwanza, mapato na siyo bei

Hatulinganishi bei ya hisa na kiwango cha faharasa ya soko. Vitu viwili vinavyopanda polepole kwa miaka vitaonekana vinakwenda pamoja hata kama havijuani. Tunachukua mapato ya kila mwezi: bei ya mwisho wa mwezi huu, ongeza gawio kama limetolewa, toa bei ya mwisho wa mwezi uliopita, halafu gawa kwa hiyo bei ya mwezi uliopita. Kwa soko tunafanya vilevile kwa kutumia faharasa yake. Pande zote mbili ziwe kwa sarafu moja. Ukiweka hisa kwa peni za London na soko kwa shilingi za Tanzania, utakuwa umeingiza mabadiliko ya sarafu ndani ya beta bila kujua.

Hizi hapa namba za miezi minane. Ni namba za mazoezi nilizotunga ili hesabu ifanyike kwa mkono, siyo bei halisi za Acacia. Zote ni asilimia.

| Mwezi | Soko | Hisa |
|---|---|---|
| 1 | 2 | 4 |
| 2 | −1 | 1 |
| 3 | 3 | −4 |
| 4 | 0 | −8 |
| 5 | −2 | −2 |
| 6 | 1 | 5 |
| 7 | 4 | 2 |
| 8 | 1 | −6 |

Wastani wa soko ni 1. Wastani wa hisa ni −1. Kwa kila mwezi, toa wastani ili ubaki na umbali kutoka kwenye wastani. Mwezi wa kwanza soko liko 1 juu ya wastani wake, na hisa iko 5 juu ya wastani wake. Zidisha umbali huo wawili: 5. Fanya hivyo miezi yote minane kisha jumlisha, utapata 14. Halafu chukua umbali wa soko peke yake, uzidishe wenyewe kwa wenyewe, jumlisha: 28. Beta ni 14 gawanya kwa 28, yaani 0.5.

Kikato, ambacho wenye fani hukiita alfa, kinapatikana kwa sababu mstari lazima upite kwenye nukta ya wastani. Wastani wa hisa toa beta mara wastani wa soko: −1 − (0.5 × 1) = −1.5. Ukitumia jedwali la kompyuta, soko likiwa safu ya B na hisa safu ya C, unaandika:

```
=SLOPE(C2:C9,B2:B9)
=INTERCEPT(C2:C9,B2:B9)
```

Angalia mpangilio: hisa inatangulia, soko linafuata. Ukigeuza, kompyuta haitalalamika, itakupa namba nyingine ambayo siyo beta.

Kusoma mwinamo

Beta ya 0.5 inasema hivi: mwezi ambao soko limefanya vizuri kwa asilimia 1 zaidi ya mwezi mwingine, tunatarajia hisa yetu ifanye vizuri kwa nusu asilimia zaidi. Hisa yenye beta ya 1 inatembea na soko hatua kwa hatua. Yenye beta ya 2 inaruka mara mbili, juu na chini.

Hapa watu wengi huteleza. Wanasikia 0.5 na kusema, "Aa, basi hii hisa ni tulivu." Hebu rudi kwenye jedwali. Soko lilicheza kati ya −2 na 4. Hisa ilicheza kati ya −8 na 5. Ukipima mtawanyiko, soko lina mchepuko sanifu wa asilimia 2, na hisa ina karibu 4.8. Hisa inatikisika zaidi ya mara mbili ya soko, lakini beta yake ni nusu. Inawezekanaje? Kwa sababu sehemu kubwa ya mtikisiko wake haitokani na soko. Ina ngoma yake yenyewe.

Kipimo cha jambo hilo ni R mraba, yaani sehemu ya mtikisiko wa hisa inayoelezwa na soko. Kwenye mfano wetu ni 0.04 hivi. Asilimia 4 ni soko, na asilimia 96 ni mambo mengine, tunayoyaita masalio: umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari.

Kampuni za dhahabu zina sura hii kwa sababu inayoeleweka. Mapato ya mgodi yanategemea bei ya dhahabu duniani, na bei hiyo haifuati biashara za kawaida. Mara nyingi inapanda pale watu wanapokimbia hisa kwa hofu. Lakini pia kuna mambo ya mgodi wenyewe. Julai 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliamuru North Mara isitishe kutumia bwawa lake la mabaki ya uchenjuaji. Amri kama hiyo haina uhusiano wowote na siku hiyo soko la London limeamkaje. Kwenye mchoro wako inakaa kwenye masalio, mbali na mstari.

Linganisha na upande wa pili wa mto. Kampuni ya TPS Eastern Africa, ambayo hisa zake ziko Soko la Hisa la Nairobi, ndiyo ya hoteli za Serena, ikiwemo ile iliyo ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Hoteli ina gharama ambazo haziondoki: mishahara, jenereta, matengenezo, vyumba viwe vimejaa au vitupu. Na watalii wanakuja wakati uchumi wa kwao uko vizuri. Kwa hiyo hali ya uchumi ikishuka kidogo, faida ya hoteli inashuka sana. Mtu anayejua biashara hizi mbili anatarajia hoteli iwe na mwinamo mkali kuliko mgodi wa dhahabu kabla hata hajafungua data. Huo ni ukaguzi mzuri: beta ikija tofauti kabisa na unavyoijua biashara, usiiamini haraka, kagua data kwanza.

Kusoma kikato

Kikato kinasema hisa ingeleta nini katika mwezi ambao soko limeleta sifuri. Sisi tumepata −1.5 kwa mwezi. Je, tuseme kampuni inaharibu pesa za watu?

Taratibu kwanza. Kuna pesa ambayo mtu angeweza kuiweka bila kuhangaika na soko, kwa mfano kwenye dhamana za serikali za muda mfupi zinazouzwa na Benki Kuu. Tuseme zinalipa asilimia 0.5 kwa mwezi. Nadharia inayotumia beta inasema hisa yenye beta ya 0.5 ni sawa na kuweka nusu ya pesa yako sokoni na nusu kwenye dhamana. Basi soko likileta sifuri, nusu iliyo kwenye dhamana bado inaleta 0.25. Maana yake, kikato cha "hakuna cha ajabu hapa" siyo sifuri, ni 0.25. Hisa yetu imekaa chini ya hapo kwa 1.75.

Ndiyo maana wengi hutoa riba ya dhamana pande zote mbili, kwenye hisa na kwenye soko, kabla ya kuchora mstari. Beta inabadilika kidogo sana, au haibadiliki kabisa riba ikiwa ileile kila mwezi. Lakini kikato kinakuwa na maana moja iliyo wazi: juu ya sifuri, hisa imelipa zaidi ya inavyostahili kwa hatari yake ya soko; chini ya sifuri, imelipa pungufu.

Halafu kuna swali la uhakika. Ukikokotoa kosa sanifu kwa data yetu, la beta ni 0.95 na la kikato ni 2.0. Kikato cha −1.5 chenye kosa la 2.0 hakijatofautiana na sifuri. Beta yenyewe, kwa miezi minane tu, inaweza kuwa popote kati ya −1.8 na 2.8. Yaani tumetoka na namba safi ya 0.5 ambayo haijui hata kama ina alama ya kujumlisha au kutoa! Ukichukua miezi 60, ambayo ni desturi ya wengi, na mtikisiko ukabaki wa aina hiyohiyo, kosa la beta linapungua hadi kama 0.35. Bado ni kubwa, lakini sasa unaweza kusema kitu.

"Soko" ni lipi?

Mpaka hapa tumesema "soko" kama vile lipo moja tu. DSE ina faharasa mbili kuu. Ile ya jumla, DSEI, inajumuisha pia kampuni za nje zilizoorodheshwa hapa mara ya pili, kama EABL na KCB za Kenya, na wakati ule Acacia. Ya pili, TSI, inachukua kampuni za ndani tu. Mwanafunzi anayetafuta beta ya Acacia kwa data ya Dar angeweza kuchukua DSEI bila kufikiri, maana ndiyo inayotangazwa kwenye taarifa. Hapo ndipo kuna mtego mkubwa, kwa sababu Acacia yenyewe imo ndani ya DSEI, na ni kampuni kubwa. Unailinganisha hisa na kitu ambacho sehemu yake ni hisa hiyohiyo.

Tupime ukubwa wa tatizo kwa namba za kutunga. Tuseme hisa ina uzito wa asilimia 20 kwenye faharasa. Mchepuko wake sanifu ni asilimia 10 kwa mwezi, na kampuni zote zilizobaki, zikichukuliwa kwa pamoja, zina mchepuko wa asilimia 3. Na tuseme mgodi hauna uhusiano wowote na hizo nyingine, sifuri kabisa.

Kovariansi ya hisa na faharasa inatoka kwenye ile sehemu yake tu: 0.2 × 100 = 20. Variansi ya faharasa ni 0.04 × 100, ambayo ni 4, ongeza 0.64 × 9, ambayo ni 5.76. Jumla 9.76. Beta ni 20 gawanya kwa 9.76, karibu 2.05.

Umeona? Hisa ambayo haina uhusiano na kampuni nyingine hata moja imepewa beta ya 2, kana kwamba ni ya hatari ya soko kupindukia. Ukiilinganisha na kampuni zilizobaki peke yake, beta yake ni sifuri. Mahesabu hayajakosea popote. Swali ndilo lililokosewa. London tatizo hili halipo kwa kiasi hicho, maana faharasa pana ya pale ina mamia ya kampuni na mgodi mmoja ni tone tu ndani yake.

Basi soko sahihi ni lipi? Inategemea wewe ni nani. Mfuko wa London wenye hisa za dunia nzima unauliza hisa hii inaongeza nini kwenye mtikisiko wa mzigo wake, kwa hiyo unapima kwa faharasa pana. Mtu wa Tarime mwenye hisa za benki na bia za Dar anauliza hisa hii itaanguka pamoja na hizo zangu? Yeye TSI inamfaa zaidi. Hisa moja inaweza kuwa na beta mbili tofauti, na zote ni kweli kwa mwenye nazo.

Machi 2017: mwezi mmoja unaoweza kuharibu mstari mzima

Mwanzoni mwa Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje makinikia ya dhahabu na shaba. Bulyanhulu na Buzwagi zilikuwa zinauza makinikia, kwa hiyo ziliguswa moja kwa moja. North Mara ilikuwa inamwaga vitofali vya dhahabu palepale mgodini, kwa hiyo marufuku haikuigusa. Lakini hisa ni ya kampuni nzima, na bei ya Acacia ilianguka vibaya. Julai mwaka huohuo ikaja hati ya madai ya kodi, riba na faini ya takriban dola bilioni 190.

Anguko kama hilo linafanya nini kwenye beta? Rudi kwenye namba zetu za mazoezi na uongeze mwezi wa tisa ambao hisa imeshuka asilimia 40. Tuseme mwezi huo, kwa bahati tu, soko nalo lilishuka asilimia 3. Ukikokotoa upya, beta inatoka 0.5 inakuwa 3.6. Sasa badilisha kitu kimoja: mwezi huohuo soko liwe limepanda asilimia 3. Beta inakuwa −1.75.

Tukio ni lilelile na hasara ni ileile. Soko halikusababisha marufuku, na marufuku haikusababishwa na soko. Lakini kwa sababu mstari unajali umbali uliozidishwa, nukta moja iliyo mbali inauvuta wote upande wake, na upande gani ni suala la bahati ya mwezi.

Kulitambua hili ni rahisi, mradi uchore nukta kwenye karatasi kabla ya kuamini namba. Kisha ondoa mwezi mmoja mmoja na ukokotoe beta kila mara. Kama ikiondoka nukta moja beta inaruka, basi beta yako ni habari ya mwezi huo, siyo ya hisa. Dawa inayotumika ni kuupa mwezi huo safu yake ya ziada kwenye rigresheni, yenye 1 mwezi huo na 0 miezi mingine yote. Matokeo kwa beta ni sawa na kuufuta, lakini faida yake ni kwamba namba ya safu hiyo inakuambia tukio lenyewe liligharimu asilimia ngapi baada ya kutoa mchango wa soko. Hapo umetenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamechanganyika: hisa inafuata soko kiasi gani, na marufuku ilikula kiasi gani.

Usiifute tu ukanyamaza, lakini. Mwekezaji wa Acacia alipoteza pesa za kweli mwezi ule. Beta haikumwonya, na haikuwa kazi yake kumwonya. Beta inapima ile hatari ambayo huwezi kuikimbia hata ukiwa na hisa za kampuni mia. Hatari ya makinikia ilikuwa ya aina nyingine, ile inayopungua ukigawa pesa yako sehemu nyingi. Aliyeweka kidogo Acacia na kilichobaki kwingine aliumia kidogo. Aliyeweka yote pale kwa kuwa "beta yake ni ndogo" alisoma namba sahihi kwa swali ambalo siyo lake.

Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zote za Acacia zilizokuwa mikononi mwa wengine, na jina hilo likaondoka sokoni. Leo North Mara inaendeshwa chini ya Twiga Minerals, ubia ambao serikali ina asilimia 16, na Twiga haina hisa sokoni. Ukitaka kupima dhahabu ya Nyamongo kwa mstari huu, itabidi utumie hisa za Barrick za New York au Toronto, ambako Tarime ni mgodi mmoja kati ya mingi iliyotapakaa duniani. Beta utakayoipata ni ya mkusanyiko wote huo. Kilichotokea kwenye bwawa la mabaki la North Mara wiki iliyopita kitakuwa kimezama ndani ya masalio, na huenda hata usikione.